Namna ya Kumsalimu Aliye Ng'ambo Pale Usipojua Kama Kwake ni Asubuhi au Usiku

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, nilimwandikia shangazi yangu anayeishi Toronto ujumbe wa maneno machache tu: «Sabalkheri shangazi.» Mombasa ilikuwa saa mbili asubuhi, chai iko mezani na jua limekwisha kupanda, nami nilikusudia kusubiri anijibu ndipo nimweleze habari za arusi ya binamu yangu. Kwake ilikuwa saa saba za usiku. Hazikupita dakika tatu akanipigia simu huku sauti inamtetemeka, akitaka kujua ni nani aliyefariki.

Kosa langu halikuwa la hesabu peke yake. Nilitumia salamu inayotaja wakati bila kuujua wakati wa msomaji, nikaituma ikiwa haina neno jingine la kuisindikiza, na nikaipeleka katika saa ambayo mtu aliye mbali na kwao huitarajia habari mbaya tu. Mwongozo huu unafuata makosa hayo, na umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeko Mombasa anayemwandikia Mswahili mwenzake aliye ng'ambo, hasa yule anayemzidi umri au anayestahili heshima, kwa sababu rafiki wa rika atacheka na yatakwisha.

Kwanza, zitenganishe salamu zenye saa na zisizo na saa

Lugha yetu imeufunga wakati ndani ya maamkizi kuliko tunavyodhani. Hata kitenzi chenyewe cha kuamkua kimebeba mzizi wa kuamka, kana kwamba salamu ya asili ni ile anayopewa mtu anapotoka kulala. Sabalkheri ni ya asubuhi na masalkheri ni ya jioni, na maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu yakiwa na wakati wake tayari. «Umeamkaje» humchukulia msomaji kuwa ameamka, na «umeshindaje» huchukulia kuwa mchana wake umekwisha au unakaribia kwisha. Alamsiki, ambayo hujibiwa binuru, ni ya kuagana usiku, kwa hiyo haifai kumfungulia mtu ujumbe hata kama kwake ni usiku kweli.

Kwa upande wa pili ziko salamu ambazo hazina saa. Assalaam alaykum hutolewa alfajiri na hutolewa usiku wa manane bila kubadilika herufi. Shikamoo hufuata umri wala haifuati jua. Hujambo, u hali gani na habari zako ni vivyo hivyo. Iko pia «habari za saa hizi», ambayo watu wengi huiona kuwa ya mazungumzo tu, lakini katika ujumbe wa mbali ina faida ya pekee: saa hizi huwa ni saa zozote ambazo msomaji anausoma ujumbe. Kwa mzee, hata hivyo, nisingeianzia hiyo, kwa sababu imezoeleka mno kati ya watu wa rika moja.

Kama huna nafasi ya kufanya lolote jingine katika mwongozo huu, chagua salamu ya kundi hili la pili, nawe hutakosea saa. Hatua zinazofuata ni za yule anayetaka kujua ni lini anaweza kusema sabalkheri kwa haki yake, na namna ya kuuandika ujumbe wenyewe usimtie msomaji hofu.

Pili, hesabu saa ya msomaji kwa saa ya Kiswahili moja kwa moja

Makosa mengi huingia hapa, na huingia kwa sababu tunahesabu mara mbili. Mtu hufungua saa ya dunia kwenye simu yake, akaona Toronto imeandikwa 1:00 AM, akaisoma haraka kuwa saa moja, na saa moja kwa Mswahili ni asubuhi, basi akaandika sabalkheri kwa utulivu kabisa. Simu ilikuwa ikimwambia saa saba usiku.

Njia iliyo salama ni kuiacha simu kando na kuhesabu kwa saa zetu tangu mwanzo hadi mwisho. Mombasa haibadilishi saa zake mwaka mzima, kwa hiyo upande wetu hautikisiki. Chukua saa ya Mombasa, punguza tofauti ikiwa msomaji yuko nyuma yetu, au ongeza ikiwa yuko mbele. Ikiwa saa uliyo nayo ni ndogo kuliko tofauti unayotaka kupunguza, au ni sawa nayo, iongezee kumi na mbili kwanza, na kila unapofanya hivyo mchana hugeuka kuwa usiku na usiku hugeuka kuwa mchana. Saa mbili asubuhi ya Mombasa, ukipunguza saba za Toronto wakati wa kiangazi chao, haitoshi. Ifanye kumi na nne, punguza saba, unapata saa saba, na kwa kuwa umeongeza kumi na mbili mara moja, mchana wetu ni usiku wao. Ni saa saba usiku. Ukiongeza kwa mtu aliye mbele yetu na jumla ikapita kumi na mbili, ondoa kumi na mbili na ugeuze vivyo hivyo.

Tofauti zenyewe si nyingi za kukariri kwa mtu wa Mombasa, maana jamaa zetu wametawanyika katika sehemu zinazojulikana. Jidda, Doha na Kuweiti zina saa zile zile kama zetu, kwa hiyo hakuna cha kuhesabu. Maskati na Dubai ziko mbele yetu kwa saa moja mwaka mzima. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, na Toronto kwa saa nane wakati wa baridi na saba wakati wa kiangazi. Kuna ambao wana ndugu Australia: Perth iko mbele kwa saa tano daima, lakini Melbourne hubadilika kati ya saba na nane.

Mabadiliko hayo ya majira ndiyo yanayomponyoka mtu aliyezoea kuishi karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Toronto husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, ilhali Uingereza husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa mwaka 2026, kwa mfano, kuanzia tarehe 8 hadi 29 Machi Toronto imekwisha kusogea na London bado, na mwenye ndugu katika miji yote miwili akikisia mmoja kwa kuutazama mwingine atakosea kwa saa nzima.

Je, saa moja inaweza kuiharibu salamu? Kwa kawaida haiwezi, isipokuwa mipakani. Ukiandika saa moja na nusu usiku kutoka Mombasa, Toronto wakati wa baridi ni saa tano na nusu asubuhi, na sabalkheri bado inapokelewa vizuri. Wakati wa kiangazi ni saa sita na nusu mchana, na sabalkheri imechelewa. Desturi yangu ni kutotumia salamu yenye saa ikiwa hesabu imeniangusha ndani ya saa moja ya mpaka wowote, yaani karibu na alfajiri, adhuhuri au magharibi.

Jambo dogo la kutahadhari: namba ya simu si ushahidi wa mahali alipo mtu. Namba inayoanza na +1 inaweza kuwa ya Kanada au ya Marekani, nchi ambazo kila moja ina majira kadhaa ya saa ndani yake, na mwenye namba ya Omani anaweza kuwa London wiki hii kwa matibabu. Uliza mji, usiulize nchi.

Tatu, jiulize atausoma saa ngapi

Ujumbe una saa mbili, ya kuandikwa na ya kusomwa, na salamu ni ya saa ya pili. Simu ya msomaji humwonyesha saa ya kwake kuwa ndiyo saa ujumbe ulipoingia, kwa hiyo sabalkheri uliyoiandika asubuhi ya Mombasa itasomeka ikiwa na saa saba za usiku pembeni yake, na huo ndio utaoneka kuwa uzembe wako hata kama atakuja kuusoma asubuhi.

Ukijua kuwa shangazi huamka saa kumi na mbili asubuhi ya Toronto, basi huko kuamka kwake, wakati wa kiangazi, ni saa saba mchana kwetu. Unaweza kuuandika ujumbe asubuhi, ukauweka, kisha ukautuma baada ya adhuhuri na kusema sabalkheri kwa moyo mkunjufu. Barua pepe zina uwezo wa kupangiwa saa ya kutoka. Katika Gmail utaukuta mahali palipoandikwa `Schedule send`, lakini kumbuka kuwa saa unayoichagua hapo ni ya kwako wewe na si ya mpokeaji.

Hata hivyo, wako ambao saa ya ukutani haituambii kitu juu yao. Muuguzi anayefanya kazi ya usiku huko Uingereza hulala asubuhi, na ukimwambia «umeamkaje» saa tatu asubuhi ya London, umempata ndiyo kwanza anavua viatu. Kwa mtu wa namna hiyo salamu isiyo na saa ndiyo pekee inayomfaa, nayo inaweza kufuatwa na «pole na kazi», ambayo haimkosi mtu yeyote.

Nne, tanguliza habari ya kuwa kwema

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa na uzito kuliko nyingine zote, ingawa haihusu asubuhi wala jioni. Mtu aliye ng'ambo akiamshwa na mlio wa simu usiku na akaona jina la mtu wa nyumbani, kitu cha kwanza kinachomjia ni msiba. Arifa inayotokea kwenye kioo cha simu huonyesha maneno machache ya mwanzo tu. Ikiwa maneno hayo ni «Shangazi, assalaam alaykum» kisha basi, ameachwa aifikirie mwenyewe sehemu iliyobaki.

Kwa hiyo neno «kwema» lisikae mbali na salamu. Andika «Assalaam alaykum shangazi, huku kwema» katika pumzi moja, ili hata akiiona arifa kwa jicho moja lililofumbuka apate kulala tena. Usianze na jina lake peke yake, wala usianze na «samahani kwa usumbufu», kwa sababu msamaha wa usiku nao huogopesha.

Kuna tabia nyingine inayohusiana na hiyo, nayo ni kugawa salamu na shauri katika jumbe mbili. Uso kwa uso, adabu yetu hutaka salamu ijibiwe kwanza, iulizwe hali ya watoto na ya wazee, ndipo shauri litolewe. Adabu hiyo ikihamishwa vivyo hivyo kwenda kwenye ujumbe wa mbali, inakula siku nzima: wewe unasalimu asubuhi, yeye anajibu ukiwa kwenye chakula cha mchana, wewe unaona jibu lake jioni akiwa kazini, na shauri lenyewe linaingia wakati ambao amekwisha kulala. Tena akiwa amelala, ile salamu tupu hukaa kwenye simu yake kama mtu aliyebisha hodi kisha akanyamaza.

Waliotutangulia walilitatua jambo hili katika barua, ambazo zilichukua siku nyingi njiani na mwandishi hakuweza kujua zitafunguliwa saa ngapi. Walisalimu bila kutaja saa, wakaeleza hali yao bila kusubiri waulizwe, wakaonyesha kuwa hofu yao ni kwa yule aliye mbali, kisha wakaandika «ama baada ya salamu» na kuingia katika kusudio. Mtu anayeona mtindo huo umepitwa na wakati aujaribu mara moja katika ujumbe wa simu. Unakaa humo vizuri kuliko nilivyotarajia.

Tano, ukitaka kutaja saa, ifunge na mahali

Si lazima kuukimbia wakati kabisa. Wako wazee ambao husikia ubaridi ukiwaondolea sabalkheri waliyoizoea, na kwao unaweza kusema «sabalkheri ya huku Mombasa», maneno ambayo humpa msomaji asubuhi yako kama zawadi bila kudai kuwa ni yake. Ninachokiepuka ni ile salamu ya kukisia pande zote, «kama ni asubuhi sabalkheri na kama ni jioni masalkheri», ambayo kwa mara ya kwanza huchekesha, na kwa mara ya tatu humwonyesha msomaji kuwa hujawahi kujisumbua kujua anaishi wapi.

Kanuni hiyo hiyo inatumika kwa maneno mengine ya wakati ndani ya ujumbe. Leo, jana na kesho yanaweza kuwa siku tofauti kwenu wawili, na «saa tatu» bila mahali ni fumbo, kwa kuwa Mswahili aliyekaa ng'ambo miaka mingi huenda ameanza kuhesabu saa kwa mtindo wa huko. Andika siku, tarehe, sehemu ya siku na mji. Usiku ndio unaohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu katika hesabu ya Kiislamu siku huanza magharibi, na «usiku wa Ijumaa» kwa watu wengi wa Mombasa ni ule unaoanza Alhamisi jua likitua, ilhali mwingine ataufahamu kuwa ni wa Ijumaa yenyewe. «Usiku wa kuamkia Ijumaa» hauna utata.

Na kwa kuwa tumeitaja Ijumaa, iko bahati njema kwa wale wanaopenda kutuma salamu za siku hiyo mapema. Ukiandika alfajiri ya Ijumaa saa kumi na moja kutoka Mombasa wakati wa kiangazi, Toronto ni saa nne usiku wa Alhamisi, magharibi yao imekwisha kuingia, na kwa hesabu hiyo ya Kiislamu Ijumaa yao imekwisha kuanza. Salamu yako haikuwahi wala haikuchelewa.

Ujumbe wenyewe

Hivi ndivyo ningemwandikia shangazi ule ujumbe wa arusi, kama ningejaliwa kuuandika upya saa ile ile ya asubuhi, nikichukua tarehe za mwaka 2026:

«Assalaam alaykum shangazi, huku kwema, na shikamoo. Sote nyumbani tu wazima, na ninaomba ujumbe huu ukukute katika afya njema wewe na watoto. Ninakuandikia asubuhi ya Mombasa nikijua kuwa kwako bado ni usiku, kwa hiyo usijisumbue kujibu mpaka utakapopata nafasi. Ama baada ya salamu, wazee wamekubaliana kuwa nikaha iwe Ijumaa tarehe 21 Agosti, saa kumi alasiri ya Mombasa, ambayo kwako Toronto itakuwa ni Ijumaa hiyo hiyo saa tatu asubuhi. Tungependa uwe nasi kwa simu ya video. Wasalaam.»

Salamu iko mbele, kwema iko ndani ya maneno manne ya kwanza baada yake, na saa zote zina miji yake. Mwisho nimeweka wasalaam mahali pa alamsiki au siku njema, kwa sababu maagano nayo yana saa kama maamkizi, na watu husahau kuyakagua baada ya kuhangaika na mwanzo. Ikiwa ni wewe unayekwenda kulala, sema hivyo kwa upande wako, «nami hapa ninakwenda kulala», bila kumtakia usiku mwema mtu ambaye ndiyo kwanza anaingia kazini.

Katika kundi la ukoo mambo ni mepesi zaidi, maana hakuna saa inayowaenea wote. Saa tatu usiku ya Mombasa mwezi wa Desemba ni saa nne usiku Maskati, saa kumi na mbili jioni London, saa saba mchana Toronto, na Melbourne ni saa kumi na moja alfajiri ya siku ya pili yake. «Assalaam alaykum nyote» au «hamjambo nyote» inatosha.

Ukisalimiwa kwa saa isiyo yako

Siku moja itakuwa zamu yako kupokea. Shangazi ataamka Toronto saa mbili asubuhi ya kiangazi, akuandikie sabalkheri, nawe huku ni saa tisa mchana na joto la Mombasa limekuelemea. Mjibu sabalkheri. Salamu hujibiwa kwa wakati wa aliyeitoa, hasa akiwa mkubwa wako, na kumwambia «huku ni mchana, shangazi» kabla ya kumwitikia ni kumsahihisha mtu aliyekutakia kheri. Ukitaka ajue saa za kwako, zipitishe baadaye katika habari zako, kwa kumwambia kuwa ndiyo kwanza umemaliza kula au kwamba unasubiri adhana ya alasiri, naye ataihesabu tofauti mwenyewe.